Serikali Inalipa Kila Kitu, Mbona Bei ya Hatifungani Imeshuka?

Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani za serikali za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya za muda huohuo ikashushwa hadi asilimia 12.56. Mkopaji ni yuleyule, sarafu ni ileile, na miaka ni 25 ileile. Namba moja tu ndiyo iliyobadilika, lakini iliwagusa hadi watu ambao walikuwa wameshanunua zamani na hawakuwa na mpango wa kununua tena.

Kwa mtu aliyezoea amana ya muda maalumu, yaani fiksi ya benki, jambo hili linachanganya. Ukiweka shilingi milioni moja fiksi kwa mwaka mmoja kwa asilimia tisa, benki ikishusha viwango kesho yake, wewe hayakuhusu. Mwaka ukiisha unachukua milioni yako na tisini elfu yako, ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokatwa kwenye riba. Katikati ya mwaka hakuna anayekuuliza fiksi yako ina bei gani, kwa sababu haina bei. Huwezi kumuuzia jirani. Ukiivunja mapema benki inakupunguzia riba au inakunyima kabisa, na mambo yanaishia hapo.

Hatifungani nayo ni mkopo. Unaikopesha serikali, inakulipa riba mara mbili kwa mwaka, na siku ya kuiva inakurudishia kiasi kilichoandikwa kwenye hati. Riba hiyo ya kila nusu mwaka ndiyo kuponi, na haibadiliki mpaka mwisho. Tofauti yake na fiksi ni kwamba hati hii inauzika. Anayetaka kutoka hamwendei serikali kuomba arudishiwe. Anamwendea dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam au benki yake, anatafutiwa mnunuzi, na mnunuzi huyo analipa bei ya siku hiyo. Mambo yote matatu ninayotaka kuyaeleza hapa, yaani mavuno, muda wa wastani na daraja la mkopaji, yanatokana na ukweli huo mmoja kwamba mkopo wako una bei na bei hiyo inatembea.

Turudi 2022. Tuseme mama mmoja alinunua hatifungani ya milioni moja mwaka 2021, ile ya asilimia 15.95. Kila nusu mwaka anapokea shilingi 79,750. Baada ya riba mpya kutangazwa, jirani yake mwenye milioni yake mkononi akienda Benki Kuu atapata hati inayolipa shilingi 62,800 kila nusu mwaka. Ni wazi kwamba hati ya mama ni bora zaidi, na mama hawezi kukubali kuiuza kwa milioni moja tu. Jirani naye yuko tayari kuongeza kitu ili apate kuponi kubwa. Swali ni aongeze kiasi gani.

Jibu halitokani na kubishana. Jirani anaweza kupata asilimia 12.56 kwa kununua hati mpya, kwa hiyo atalipa bei ile tu ambayo, akijumlisha kuponi zote zijazo na milioni ya mwisho, itamwachia asilimia 12.56 hiyohiyo. Hati ya mama ikiwa imebakiza miaka 24, bei hiyo inakuwa takriban shilingi 1,255,400. Mama akiuza, anapata zaidi ya laki mbili na nusu juu ya alichoweka, mbali na kuponi alizokwisha kula.

Asilimia hiyo 12.56 anayobaki nayo mnunuzi ndiyo mavuno ya hatifungani. Kuponi ni ahadi iliyoandikwa kwenye hati na haijali nani anaishika. Mavuno ni yako wewe, kulingana na bei uliyolipa, miaka iliyobaki na fedha zote utakazopokea hadi kuiva. Ukinunua kwa bei iliyoandikwa kwenye hati, kuponi na mavuno vinalingana. Ukilipa zaidi ya hapo mavuno yanakuwa chini ya kuponi, na ukilipa pungufu yanakuwa juu. Ndiyo maana bei na mavuno siku zote huenda pande tofauti. Ukisikia mavuno ya hatifungani yamepanda, maana yake ni kwamba bei ya hati zilizoko mikononi mwa watu imeshuka.

Hapa ndipo wageni wengi wanaotoka kwenye fiksi wanapoumia, na naona ni vizuri tukae hapa kidogo. Mtu akizoea kuuliza benki, "Mnatoa asilimia ngapi?", akiingia kwenye hatifungani anauliza swali hilohilo, anajibiwa "15.95", na anaona amepata hazina. Mwaka 2022 mtu wa namna hiyo angeweza kulipa shilingi 1,255,400 kwa hati ya milioni moja akiamini anapata asilimia 15.95. Ukweli ni kwamba anapata 12.56. Zile laki mbili na nusu za juu hazirudi siku ya kuiva, kwa sababu serikali italipa milioni moja iliyoandikwa, basi. Kuponi kubwa anazopokea zina kipande cha mtaji wake mwenyewe kinachorudi kidogo kidogo. Akizitumia zote kama faida, anakula mtaji bila kujua.

Kuna hesabu nyingine ambayo madalali huitaja haraka, nayo ni kugawanya kuponi ya mwaka kwa bei. Shilingi 159,500 ukigawa kwa 1,255,400 unapata asilimia 12.7. Hii inakusaidia kuona pesa itakayoingia mwaka huu ukilinganisha na uliyotoa, lakini haihesabu pengo kati ya bei uliyolipa na milioni utakayorudishiwa. Kwa hati iliyobakiza miaka mingi tofauti ni ndogo. Kwa hati iliyobakiza miaka miwili au mitatu inaweza kukupotosha vibaya. Uliza mavuno hadi kuiva, na uandikiwe.

Sasa upande wa pili. Miaka michache baada ya 2022, soko la Tanzania lilirudi kudai mavuno ya asilimia 15 na zaidi kwa hati ndefu. Tuchukue 15.75 kwa mfano. Aliyenunua hati mpya ya asilimia 12.56 kwa milioni moja kamili, sasa imebakiza miaka 23, akitaka kuiuza atapewa bei gani? Mwenye kompyuta au simu yenye programu ya majedwali anaweza kuhesabu mwenyewe kwa mstari mmoja:

```
=PV(15.75%/2, 46, -62800, -1000000)
```

Namba ya kwanza ni mavuno yanayodaiwa sokoni, yamegawanywa kwa mbili kwa sababu malipo ni ya kila nusu mwaka. Arobaini na sita ni idadi ya malipo yaliyobaki. Kisha kuponi ya kila malipo, kisha milioni ya mwisho. Jibu ni kama shilingi 803,700. Hati ya serikali, iliyonunuliwa kwa milioni moja, isiyokosa kulipa kuponi hata siku moja, imepoteza karibu moja ya tano ya bei yake.

Na yule aliyelipa 1,255,400 kwa kufuata kuponi kubwa? Hati yake, baada ya miaka miwili na kwa mavuno hayo ya 15.75, inauzika kwa takriban 1,012,200. Amepokea kuponi nne, jumla shilingi 319,000, na amepoteza 243,200 kwenye bei. Kilichobaki ni kama 75,800 kwa miaka miwili, sawa na asilimia tatu hivi kwa mwaka. Fiksi ya kawaida ingemshinda.

Wauzaji wa hatifungani hujibu kwamba hasara hiyo ni ya karatasi, ukishika hati hadi mwisho utalipwa milioni yako yote. Ni kweli kuhusu milioni. Lakini mtu aliyefungwa kwenye 12.56 wakati wenzake wananunua kwa 15.75 anapoteza zaidi ya shilingi 30,000 kila mwaka kwa kila milioni, na anazipoteza kwa miaka 23 ijayo, auze asiuze. Bei ya 803,700 ni hesabu ya upungufu huo ukiletwa leo kwa mkupuo mmoja. Soko halijabuni hasara, limeitaja mapema.

Je, kuna njia ya kujua kabla hujanunua kwamba hati fulani itayumba kiasi gani? Ipo, na ndiyo kazi ya kipimo ambacho wataalamu wa hatifungani hawaachi kukitaja, yaani muda wa wastani wa malipo.

Tazama kwa karibu hati ya miaka 25 ya asilimia 12.56 siku inaponunuliwa kwa milioni moja. Ukiuliza kila malipo yajayo yana thamani gani leo, kuponi ya kwanza ya shilingi 62,800, inayokuja baada ya miezi sita, ina thamani ya kama 59,100. Kuponi ya mwaka wa kumi ina thamani ya kama 18,600. Milioni yenyewe inayorudi baada ya miaka 25 ina thamani ya leo ya kama shilingi 47,600 tu. Namba hii hushtua wengi. Katika milioni uliyotoa, zaidi ya laki tisa na nusu ulizinunulia kuponi, na chini ya elfu hamsini ndiyo uliyoinunulia ile milioni ya mwisho.

Ukichukua tarehe za malipo yote hayo hamsini na kuzitafutia wastani, huku kila tarehe ikipewa uzito kulingana na thamani ya leo ya fedha yake, unapata miaka minane na kidogo. Huo ndio muda wa wastani. Hati imeandikwa miaka 25, lakini fedha zake, kwa uzito, ziko umbali wa miaka minane. Hati ya miaka miwili inayolipa kuponi ya asilimia kumi ina muda wa wastani wa karibu mwaka mmoja na miezi kumi. Hati ambayo hailipi kuponi kabisa, bali inalipa yote siku ya mwisho, muda wake wa wastani ni sawa na miaka yake yote, kwa sababu hakuna kinachokuja njiani.

Kutoka hapo unapata kanuni ya kukadiria. Chukua muda wa wastani, ugawe kwa moja jumlisha mavuno ya nusu mwaka. Kwa hati yetu, 8.06 gawa kwa 1.0628 ni 7.6. Maana yake ni kwamba mavuno ya soko yakipanda kutoka 12.56 hadi 13.56, bei itashuka kwa takriban asilimia 7.6, na yakishuka kiasi hichohicho bei itapanda kwa karibu kiwango hicho. Hati ya miaka miwili tuliyoitaja ingeyumba chini ya asilimia mbili kwa badiliko hilohilo. Kwa hiyo mtu anayeuliza "nichukue ya miaka 25 au ya miaka miwili?" anachagua riba, na papo hapo anachagua pia mtaji wake utayumba mara nne zaidi au la.

Kanuni hii ina mpaka wake. Inafaa kwa badiliko dogo. Ukiihesabu bei halisi kwa mavuno ya 13.56 unapata kama 929,000, yaani mshuko wa asilimia 7.1 badala ya 7.6. Kwa ule mruko wa kutoka 12.56 hadi 15.75, kanuni ingekutabiria mshuko wa asilimia 24, wakati mshuko wa kweli ni kama 20. Sababu ni kwamba kadiri mavuno yanavyopanda, fedha za mbali zinazidi kupungua thamani na muda wa wastani wenyewe unafupika. Kosa hili angalau liko upande wa kukuonea huruma. Mavuno yakipanda unapoteza pungufu kidogo ya ulivyoambiwa, na yakishuka unapata zaidi kidogo.

Kwa mtu wa kawaida, naona faida kubwa ya muda wa wastani iko kwingine kabisa. Mavuno yakipanda, bei ya hati yako inashuka, lakini zile kuponi za 62,800 unazopokea unaweza kuziwekeza upya kwa riba nzuri zaidi. Mavuno yakishuka, bei inapanda, lakini kuponi zako unaziwekeza kwa riba duni. Mambo hayo mawili yanavutana. Ukiwa na hati kwa muda mfupi, mabadiliko ya bei yanatawala. Ukiwa nayo kwa muda mrefu, uwekezaji upya wa kuponi ndio unaotawala. Mahali yanapokaribia kufutana ni pale kwenye muda wa wastani. Kwa hati yetu, ni karibu mwaka wa nane.

Sasa hapo una kitu cha kushika. Mwenye ada ya mtoto anayoihitaji baada ya miaka mitatu, akinunua hati ya miaka 25, anaweka fedha ya miaka mitatu kwenye chombo cha miaka minane. Inaweza kumwendea vizuri, ikatokea riba zimeshuka. Inaweza pia kumkuta siku ya kulipa ada bei iko 803,700. Mwenye umri wa miaka 45 anayejiandalia kustaafu yuko katika hali tofauti, na hati hiyohiyo inamfaa, mradi kuponi zake anaziwekeza tena badala ya kuzila.

Na fiksi yenyewe? Wengi hudhani haina hatari hii. Ina hatari ya upande ule mwingine. Anayeweka fiksi ya mwaka mmoja na kuirudia kila mwaka kwa miaka minane hajui mwaka wa nne atapewa asilimia ngapi. Mtaji wake hauyumbi, ila mapato yake yanayumba. Mama aliyenunua hati ya 15.95 mwaka 2021 amejifungia mapato hayo hadi 2046, na hakuna fiksi ninayoijua iliyomwahidi mtu kitu kama hicho.

Mpaka hapa tumezungumzia bei inayoyumba huku mkopaji akilipa kila senti kwa wakati. Kuna hatari ya pili, ya mkopaji kushindwa kulipa, na hiyo ndiyo inayopimwa na daraja la ukopaji. Kampuni tatu zinazojulikana zaidi duniani kwa kazi hii ni Moody's, Fitch na S&P. Zinachunguza bajeti, madeni, akiba ya fedha za kigeni, siasa na rekodi ya kulipa, kisha zinatoa herufi. Kwa Moody's ngazi inaanzia Aaa, inashuka Aa, A, Baa, Ba, B, Caa, Ca, hadi C, na nyingi zina vidato vya 1, 2 na 3 ndani yake. Fitch na S&P huandika AAA, AA, A, BBB na kuendelea, na hutumia alama za kujumlisha na kutoa. Mstari mkubwa uko chini ya Baa3 au BBB-. Juu ya mstari huo ni wakopaji ambao mifuko mingi mikubwa ya nje inaruhusiwa kuwakopesha bila masharti ya ziada, na chini yake ni wale wanaohesabiwa kuwa na hatari kubwa zaidi na kwa hiyo wanadaiwa riba kubwa zaidi. Machi 2024 Moody's iliipandisha Tanzania kutoka B2 hadi B1, ngazi nne chini ya mstari.

Tazama kilichotokea kwa wakati huo. Daraja la Tanzania lilipanda katika kipindi kilekile ambacho aliyenunua hati ya 12.56 alikuwa akiangalia bei yake ikiwa imeshuka. Kenya ilikwenda kinyume kabisa. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu yenye kuponi ya asilimia 18.4607, isiyokatwa kodi, na maombi yakafurika mara nne ya kiasi kilichotangazwa. Julai mwaka huo, baada ya serikali kuuondoa Muswada wa Fedha kutokana na maandamano, Moody's iliishusha Kenya kutoka B3 hadi Caa1. Fitch na S&P nazo zikaishusha mwezi uliofuata. Aliyekuwa akisoma magazeti tu angekimbia na kuuza. Lakini kuanzia Agosti, Benki Kuu ya Kenya ilianza kupunguza riba yake ya msingi kutoka asilimia 13, na kufikia Juni 2025 ilikuwa 9.75. Mavuno ya soko yakashuka pamoja nayo, na mwenye hati ya 18.46 bei ikampandia.

Daraja linajibu swali moja: je, huyu atalipa? Halisemi bei itakwenda wapi riba zikibadilika. Hatari hizo mbili zinaweza kwenda pande tofauti kwa miaka, na mtu anayetumia moja kupima nyingine atafanya maamuzi mabaya kwa kujiamini. Isitoshe, madaraja hayo ya nchi yanayotangazwa mara nyingi yanaangaliwa zaidi na wakopeshaji wa dola. Serikali inayodaiwa kwa sarafu yake mwenyewe ina njia nyingi zaidi za kulipa, ikiwemo njia ya kuacha bei za bidhaa zipande na thamani ya fedha ishuke.

Hata hivyo usiseme kwamba hati ya sarafu ya nyumbani haiwezi kukosa kulipwa. Ghana ilionyesha vingine. Februari 2022 Moody's iliishusha nchi hiyo hadi Caa1. Desemba mwaka huohuo serikali ilitangaza mpango wa kubadilisha deni la ndani, na wenye hatifungani za sedi walitakiwa kupokea hati mpya zenye muda mrefu zaidi na kuponi ndogo kuliko zile walizonunua. Februari 2023 wastaafu walikusanyika nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra kupinga akiba zao kuingizwa humo, na Jaji Mkuu mstaafu Sophia Akuffo alisimama pamoja nao. Hakuna aliyeweza kusema herufi hazikuonya. Kati ya kushushwa hadi Caa na kutangazwa kwa mpango huo ilipita karibu miezi kumi.

Kwa hiyo herufi zenyewe zina maana, lakini kinachofaa kutazamwa zaidi ni mwendo. Mkopaji aliyeko B kwa miaka mingi na mtazamo thabiti ni tofauti na aliyeshuka ngazi mbili ndani ya mwaka. Kampuni za madaraja hutangaza pia mtazamo, yaani zinaelekea kupandisha, kushusha au kuacha palepale, na tangazo hilo mara nyingi hutangulia daraja lenyewe.

Hati za kampuni na benki zinahitaji uangalifu wa peke yake. Nyingi katika ukanda wetu huuzwa bila daraja lolote, na kuponi yake huwa nono kidogo kuliko ya serikali. Mwaka 2015 Imperial Bank ya Kenya iliuza hatifungani za shilingi bilioni 2 za Kenya, na Oktoba mwaka huohuo ikawekwa chini ya usimamizi wa mamlaka baada ya udanganyifu kugunduliwa ndani yake, kabla hati hizo hazijaanza kuuzwa sokoni. Hakuna hesabu ya muda wa wastani ambayo ingemwokoa mnunuzi. Ujue pia kwamba mwenye hatifungani ya benki na mwenye fiksi katika benki hiyohiyo hawako katika foleni moja. Mwenye amana ana bima ya amana, ingawa ina kikomo, na wakati benki inafilisiwa wenye amana hutangulia. Mwenye hatifungani isiyo na dhamana anangoja nyuma yao. Kama kuponi ya ziada anayopewa ni asilimia moja au mbili, ajiulize ikiwa inatosha kumlipa kwa kusimama nyuma.

Kabla ya kuweka ombi la hatifungani ya serikali Tanzania, ambapo kima cha chini ni milioni moja, fungua matokeo ya mnada uliopita kwenye tovuti ya Benki Kuu. Utakuta bei ya wastani kwa kila shilingi mia, na mavuno ya wastani hadi kuiva. Kama bei ni 80, hati ya milioni utaigharimia kama laki nane. Kama ni 125, utalipa milioni moja na robo. Linganisha mavuno hayo, na si kuponi, na kile fiksi inachokubakishia baada ya kodi. Ukinunua katikati ya vipindi viwili vya malipo, utamlipa muuzaji pia riba iliyokwisha kukusanyika tangu kuponi ya mwisho, nawe utaipata yote kuponi ijayo ikilipwa, kwa hiyo usishtuke kuona jumla imezidi bei iliyotajwa.

Muulize dalali pia ni lini hati yenye muda kama huo iliuzwa mara ya mwisho sokoni, na kwa kiasi gani. Soko letu la upili bado ni jembamba. Hati kubwa za mabenki na mifuko ya hifadhi hupata wanunuzi kwa urahisi, lakini hati ya milioni mbili inaweza kusubiri siku nyingi, na anayekuwa na haraka hupewa bei chini ya ile ya hesabu. Wenye shida ya muda mfupi mara nyingine hufanya vizuri zaidi kuiweka hati hiyo dhamana benki na kukopa kuliko kuiuza siku ambayo mavuno yako juu. Riba ya mkopo huo iulizwe mapema, siku ya kununua hati, wakati bado huna shida.